Bodi Gani kwa Dari ya Bafu, Bodi Gani kwa Dari ya Jiko?

Dari ya bafu yangu ilianza kuota kitambi katikati ya masika. Kwanza ilitokea alama ya kahawia, duara dogo lenye ukingo mkali, kama kikombe cha chai kilichoachwa kwenye kitambaa cheupe. Wiki mbili baadaye vidoa vyeusi vikazuka juu ya mlango, vimetapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Mwisho bodi yenyewe, ile jipsamu nyeupe niliyoifurahia miaka miwili tu nyuma, ikalegea kati ya papi na papi, ikaning'inia kama tumbo la mtu aliyeshiba.

Nilimwita fundi mwingine, si yule aliyeipiga. Aliingia, akawasha taa, akatazama juu kwa muda bila kusema kitu. Nilitegemea aniambie bodi ilikuwa feki. Badala yake aliuliza, "Bosi, hii feni inatoa hewa kwenda wapi?"

"Nje," nikamjibu.

Alipanda ngazi, akakata kipande cha bodi kwa kisu, akaingiza kichwa na tochi darini. Aliposhuka alikuwa na vumbi puani na jibu mdomoni: "Haitoki nje. Inatoa humu humu."

Bomba la feni lilikuwa limeishia juu ya dari, chini ya bati. Kwa miaka miwili familia nzima ilikuwa ikioga na kuupeleka mvuke wote kwenye uwazi ule wa giza, nasi tukijisifu kwamba bafu letu lina feni. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba huwezi kuuliza bodi ipi ni bora kabla hujajua maji yanatoka upande gani.

Kwa nyumba ya bati maji huifikia dari kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvuke unaopanda kutoka chini, kwenye ndoo ya maji ya moto au sufuria inayotokota. Ya pili ni maji yanayodondoka kutoka juu, na hayo si lazima yawe ya bati lililotoboka. Usiku anga likiwa safi, bati hupoteza joto haraka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvua ikilipiga ni vivyo hivyo. Katika hewa nzito ya Pwani, bati likipoa nyuzi 2 au 3 tu kuliko hewa hiyo, unyevu huganda upande wake wa chini kama vile unavyoganda kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mafundi husema bati linatoa jasho. Matone hukusanyika, hufuata mteremko wa bati, hukutana na msumari au papi, kisha hudondoka mahali pamoja usiku baada ya usiku. Mvuke wa bafu ukipelekwa huko, jasho linaongezeka maradufu.

Alama za dari hukuambia ni maji yapi. Duara la kahawia lenye ukingo ni maji ya juu: yamepita kwenye vumbi na mbao, yakabeba uchafu, na yanapokauka huuacha pembezoni. Vidoa vyeusi vilivyotawanyika, hasa kwenye kona na juu ya mlango ambako hewa haitembei, ni koga iliyoletwa na mvuke wa chini. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Huo mvuke wa chini watu wengi huudharau, kwa hiyo niliupigia hesabu. Bafu langu lina upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.6, yaani mita za ujazo 7.8. Hewa yenye nyuzi 27 huweza kubeba karibu gramu 26 za maji katika kila mita ya ujazo, halafu imejaa. Siku ya masika hewa inaingia bafuni ikiwa tayari imebeba asilimia 80 ya mzigo huo. Nafasi iliyobaki ni gramu 5 na ushei kwa kila mita ya ujazo, na ukizidisha kwa bafu zima unapata gramu 40. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula, tena visivyojaa. Ndoo moja ya maji ya moto inatoa zaidi ya hapo kabla hujamaliza kujipaka sabuni, na kinachozidi lazima kitafute mahali pa kutua: kioo, vigae, dari. Ndiyo maana bafu la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haliwezi kuendeshwa kama picha za nyumba za Ulaya tunazoonyeshana kwenye simu. Kule mtu akifungua dirisha anaingiza hewa kavu. Sisi tukifungua mwezi wa Aprili tunaingiza hewa iliyokwisha kushiba.

Turudi kwenye bodi, tuanze na jipsamu, kwa kuwa ndiyo iliyoteka nyumba zetu.

Jipsamu ni jasi, jiwe lile lile linalochimbwa Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida. Jiwe likisagwa na kupikwa, sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake hutoka, unabaki unga. Ukiuchanganya unga huo na maji, unashikamana tena na kuwa jiwe, na kiwandani kazi hiyo hufanyika katikati ya karatasi mbili. Karatasi hiyo si urembo wala kifungashio. Jiwe la katikati ni jepesi kuvunjika, na karatasi ndiyo inayolishika lisipinde. Ikilowa inalegea, na katikati nako kunalainika, ndipo bodi inapoota tumbo. Tena karatasi imetokana na miti, na koga hupenda sana chakula cha aina hiyo. Kwa hiyo bodi ya jipsamu ya kawaida ndani ya bafu ni jiwe zuri lililovikwa chakula cha koga pande zote mbili.

Ipo jipsamu ya kuhimili unyevu, ambayo kwa kawaida karatasi yake ni ya kijani. Ndani huchanganywa nta au silikoni ili maji yasipenye upesi. Kipimo cha Ulaya cha daraja la juu la bodi hizo ni kwamba ukiizamisha kwenye maji kwa saa 2, uzito wake usiongezeke zaidi ya asilimia 5. Bodi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 9 ina uzito wa takriban kilo 20, kwa hiyo hairuhusiwi kunywa zaidi ya lita moja. Ya kawaida hunywa mara kadhaa ya hapo.

Rangi ya kijani ni rahisi kuiga, lakini kipimo cha maji kinafanyika nyumbani. Omba dukani kipande kilichovunjika, kikate sentimita 30 kwa 30. Kitakuwa na uzito wa gramu 600 hivi. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kizamishe kwenye beseni kwa saa 2, kipanguse, ukipime tena. Kikiongezeka gramu 30 au chini yake, umepewa ulichoomba. Kikiongezeka gramu 150, umeuziwa karatasi ya kijani. Zoezi hilo linakula asubuhi moja. Kubomoa dari kunakula wiki, na vumbi lake utalikuta hadi kwenye sukari.

Hata hivyo, kuhimili unyevu si kuzuia maji. Bodi ya kijani inavumilia mvuke unaokuja na kuondoka, lakini jasho la bati linalodondoka kila usiku litaishinda, itachelewa tu. Na uhai wake unategemea sana mambo ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. Papi za kuishikilia, kile mafundi wanachokiita blandaring, kwa kawaida hupangwa kila baada ya futi 2. Bafuni zisogeze hadi sentimita 40. Skrubu nyeusi za kawaida hupata kutu haraka kwenye hewa ya bahari, na kutu hupenya rangi na kuacha nukta za kahawia zilizojipanga kama vifungo vya shati, kwa hiyo nunua zilizopakwa zinki. Lililo gumu zaidi ni subira ya rangi. Rangi ya maji hupitisha mvuke, hivyo bafuni inafaa rangi ya mafuta au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu. Lakini ukiipaka juu ya skimu ambayo haijakauka, unyevu unafungiwa ndani na rangi inatoa malengelenge. Katika masika skimu inaweza kuhitaji wiki nzima kukauka. Fundi atakwambia siku mbili, kwa sababu ana kazi nyingine Mbagala.

Paneli za plastiki, zile zinazoitwa pivisi dukani, zina tabia nyingine kabisa. Hazinywi maji, hazivimbi, hazihitaji skimu wala rangi. Koga inaweza kuota juu yake, kwa kuwa sabuni na mafuta ya mwili hurukia mpaka huko, lakini inaishi juu juu na kitambaa kinaiondoa. Ni nyepesi pia, na fundi mmoja na kijana wake wanafunika bafu kwa siku moja. Kwa mvuke wa chini, hakuna bodi kati ya hizi tatu inayoifikia.

Ubaya wake wa kwanza ni joto. Plastiki hii huanza kulainika inapokaribia nyuzi 80, na watengenezaji hushauri isitumike kwa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 60. Bati la Dar es Salaam saa nane mchana linaweza kufika huko, kwa hiyo paneli isigusane na bati wala isipigwe karibu nalo sana. Iwepo nafasi ya kutosha juu yake, na hewa ya darini iwe na njia ya kutokea kwenye ncha za paa. Taa za kuzamishwa ndani ya dari ziwe za ledi. Balbu za zamani zinazochoma huiacha paneli na duara la njano, kisha inajikunja.

Joto pia huirefusha. Paneli ya mita 3, ikitoka ubaridi wa alfajiri hadi joto la alasiri, tofauti ya nyuzi 25 tuseme, inaongezeka kama milimita 4 au 5. Fundi akiikata ikabana ukuta na ukuta, haina pa kwenda, itabinuka katikati. Iachwe nafasi ya milimita chache kila upande, ambayo ule ukanda wa pembeni unaificha. Kwa hiyo ukisikia dari ya plastiki inalia tik tik jua linapozama, usiogope. Inarudi mahali pake.

Ubaya wa pili hauzungumzwi dukani: plastiki inatunza siri. Jipsamu ni mbea. Tone la kwanza likiiangukia inakuonyesha duara, na mgeni akija anaona. Plastiki maji yakiiangukia kwa juu yanakaa, yanatembea kwenye maungio mpaka ukutani, yanashuka nyuma ya ukanda wa pembeni, nawe unadhani ukuta ndio una unyevu. Huku juu papi zinaoza na misumari inaliwa kutu. Kwa watu wa ghorofani, ambao juu ya dari yao kuna mabomba ya bafu la jirani, jambo hili ni zito zaidi. Dari ya plastiki bila mlango wa kuchungulia ni sawa na kufunika chungu usichojua kinapika nini.

Paneli nazo zinatofautiana. Itazame kwa ncha, utaona vijumba vidogo vilivyogawanywa na kuta nyembamba. Kuta hizo zikiwa chache na zimeachana sana, ukibonyeza kwa dole gumba paneli inabonyea na kuacha alama. Iache dukani. Nzuri hurudi yenyewe.

Plaiwudi nitaipitia kwa kifupi, si kwa chuki. Nimekulia chini ya dari ya plaiwudi na ilidumu, lakini ilikuwa sebuleni, na nyumba ilikuwa bara ambako hewa ni kavu. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa, kila moja nyuzi zake zikikatisha za mwenzake ili isipinde. Bafuni inashindwa na gundi kabla ya mti. Plaiwudi nyingi ya bei ya chini imegundishwa kwa gundi ya ndani ya nyumba, isiyovumilia maji. Mvuke ukiizoea, tabaka zinaachana, uso unapasuka kama gamba la kitunguu, na pembe zinajikunja. Ipo iliyogundishwa kwa gundi ya kuhimili maji, ambayo mara nyingi mstari wake ukiutazama kwa ukingoni ni wa kahawia iliyoiva. Ukitaka hakika, chemsha kipande kwenye sufuria kuukuu kwa saa 4, kiache kikauke, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana kwa kucha, rudisha mzigo.

Hata iliyo nzuri inahitaji kupakwa rangi pande zote mbili na kingo zake kabla ya kupandishwa juu. Jambo hilo silijaona likifanyika hata mara moja. Mafundi hupaka upande unaoonekana, upande wa darini unabaki mtupu, unakunywa unyevu wa chini ya bati. Upande mmoja unavimba na mwingine hauvimbi, bodi inakunjamana. Ongeza mchwa, ambao Pwani hawahitaji mwaliko, na moto, ambao plaiwudi inaulisha badala ya kuuzuia. Kwa dari ya bafu siishauri. Kwa dari ya jiko siishauri zaidi.

Na jikoni mambo yanageuka, ingawa watu wengi wakishapenda plastiki ya bafuni huiendeleza mpaka jikoni kwa mkono ule ule. Mvuke upo jikoni pia: sufuria ya maharage ikitokota saa 2 bila mfuniko inaweza kupoteza lita nzima ya maji. Lakini jiko kwa kawaida ni kubwa kuliko bafu, lina dirisha na mlango unaofunguliwa mara kwa mara, na kati ya chakula cha mchana na cha usiku dari inapata saa nyingi za kukauka. Kinachotofautisha jiko ni moto. Kikaango cha mafuta kikishika moto, ndimi zake zinaruka juu ghafla. Plastiki iliyo juu yake italainika, itaanguka kwa vipande vya moto, na ikiungua inatoa moshi mzito mweusi wenye asidi inayochoma macho na mapafu. Ni kweli kwamba plastiki hii moto wake huelekea kuzimika chanzo kikiondolewa, na wauzaji hupenda kulionyesha hilo kwa kiberiti. Lakini ndani ya jiko linalowaka chanzo hakijaondolewa, na moshi ndio unaokuzuia kuuona mlango.

Jipsamu hapo ina fadhila ambayo jiwe lake limezaliwa nayo. Takriban asilimia 21 ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe. Bodi ile ya kilo 20 imebeba kama lita 4, ingawa ukiigusa ni kavu. Moto ukiipiga, maji hayo huanza kutoka kama mvuke, na mpaka yaishe upande wa juu wa bodi hauzidi sana joto la maji yanayochemka. Papi na kenchi zilizo juu yake zinapata dakika za ziada, na wewe unapata muda wa kuwatoa watoto.

Kwa hiyo jikoni ninasimama na jipsamu ya kijani iliyopakwa rangi ya mafuta, kwa sababu masizi na mafuta ya kukaangia yanafutika kwa sabuni. Rangi ya maji ukiifuta inatoka na kitambaa. Unaweza kufunika eneo la sinki kwa plastiki ukitaka, lakini juu ya jiko la gesi lenyewe na mita moja kuzunguka pawe jipsamu.

Nilisubiri mpaka Julai kurekebisha nyumba yangu. Tulibomoa jipsamu yote ya bafuni, ikatoka kwa vipande laini kama mkate uliolowekwa. Tuliacha papi wazi wiki mbili zikauke. Mbili zilikuwa zimeoza kwenye misumari, tukazibadilisha na kuzipaka dawa ya mchwa. Kisha tulifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa mwanzo: bomba la feni likatobolewa ukutani hadi nje kabisa, likainamishwa kidogo kuelekea nje ili jasho lake lisirudi, na mdomoni likawekwa wavu wa kuzuia mijusi. Feni ile ya inchi 4 husukuma kama mita za ujazo 90 kwa saa, kwa hiyo bafu langu inalibadilisha hewa kila baada ya dakika 5, ilimradi ipate hewa ya kuvuta. Ilikuwa haipati, kwa sababu mlango ulikuwa umebana sakafu. Fundi akaukata chini sentimita moja na nusu. Sasa tunaiacha feni ikizunguka dakika 20 baada ya mtu wa mwisho kuoga. Bado inaingiza hewa yenye unyevu wa masika, lakini hewa hiyo inabeba vijiko vyake vitatu na kutoka, inakuja nyingine.

Paneli nilizochagua zina upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 3. Tulizilaza kukatisha upana wa bafu, hivyo kila paneli ilitoa vipande viwili vya mita 1.49, kila kimoja kikibakiwa na nusu sentimita kila ncha. Bafu la mita 2 lilihitaji vipande 10, yaani paneli 5. Nilinunua 6, na ile ya sita imelala darini ikisubiri siku kipande kitakapopasuka, maana rangi ya mwaka huu mwakani huipati. Ukanda wa pembeni ulikuwa mita 7. Kwenye kona tuliacha mlango wa sentimita 60 kwa 60 wa kupandia darini, na kila mwisho wa masika napanda na tochi kutazama papi na chini ya bati.

Jikoni tulipiga jipsamu ya kijani. Kipande changu cha majaribio kilikunywa gramu 24.

Masika mawili yamepita. Duara la kahawia halijarudi. Vidoa vyeusi vilirudi viwili, juu ya mlango kama kawaida yake, mke wangu akavifuta kwa kitambaa chenye jiki kidogo na maji. Plaiwudi nayo haikukosa kazi: ule mlango wa kupandia darini ni wa plaiwudi, umepakwa rangi ya mafuta pande zote mbili na kingo zote nne. Fundi alishangaa nilipomwambia apake na upande wa juu. "Nani atauona, bosi?" aliuliza.

Nikamwonyesha bati.